Jumlisha mkojo wa saa 4 kabla ya kuchoma dozi ya magnesiamu

Chati niliyokabidhiwa usiku ule ilikuwa imejaa. Kila saa ina namba yake, kila mstari una sahihi. Mama alifika asubuhi akiwa na presha 170/115, protini kwenye mkojo na kichwa kinachomuuma vibaya, akajifungua salama saa 9 alasiri. Dozi yake iliyofuata ya magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege la kifafa cha mimba, ilikuwa ya saa 2 usiku. Mwenzangu aliyekuwa anatoka zamu aliniambia, "Dada, yuko vizuri huyo, mchome tu."

Saa 2 asubuhi alipewa gramu 4 kwenye mshipa, polepole, na gramu 5 kila tako. Saa 6 mchana akachomwa gramu 5, saa 10 jioni gramu 5 nyingine. Jumla gramu 24 ndani ya saa 8. Dawa hii hutolewa mwilini na figo, kwa hiyo mkojo ukipungua dawa inabaki kwenye damu, na kila sindano mpya inaongezeka juu ya ile iliyobaki.

Nikaangalia safu ya mkojo. Saa 11 jioni mililita 35, saa 12 mililita 25, saa 1 usiku 15, na nilipopima mfuko mwenyewe saa 2 nikapata 10. Ukiziangalia moja moja, kila namba inaonekana imeshuka kidogo tu. Nilipozijumlisha nikapata 85. Kipimo chetu ni angalau mililita 30 kwa saa, yaani 120 kwa saa 4. Ipo miongozo inayokubali 100 kwa saa 4, na huko pia 85 haifiki. Chati yetu haikuwa na nafasi ya jumla, basi hakuna aliyejumlisha.

Nikakagua mpira wa mkojo kama umejikunja au umelaliwa. Ulikuwa sawa. Nikashika nyundo, nikalegeza mguu wake mkononi mwangu, nikagonga chini ya goti, maana magnesiamu ikizidi mguu hauruki. Mguu haukuruka, wa kulia wala wa kushoto, ingawa chati ya saa 1 ilikuwa na alama ya vema. Huyu hakuchomwa sindano ya ganzi mgongoni. Mama aliyetoka kwenye upasuaji akiwa na ganzi hiyo, goti lake halikuambii kitu. Gonga kwenye kiwiko, mbele, juu ya kano ya msuli wa mkono.

Akaniambia, "Nesi, ulimi naona mzito." Maneno yalitoka yakiburuzika. Joto mwilini, uso kuwa mwekundu au kichefuchefu wakati wa dozi ya kwanza ni kawaida ya dawa, na mama aelezwe mapema asiogope. Ulimi mzito na usingizi usio wa uchovu saa nyingi baadaye ni jambo jingine.

Chati ilionyesha pumzi 18, 18, 18, 18. Namba inayojirudia hivyo huwa naitilia shaka. Nikaweka mkono juu ya tumbo lake, nikahesabu dakika nzima kwa saa ya mkononi: 12. Chini ya 16 hatuchomi. Nikaiacha sindano kwenye trei, nikamwinua kichwa, nikamwekea oksijeni, nikaomba mwenzangu amwite daktari, na mfuko wa kupumulisha ukawekwa pembeni ya mto. Pumzi ziliposhuka hadi 10, daktari aliagiza kalsiamu glukoneti, dawa inayopinga nguvu ya magnesiamu, gramu 1, yaani mililita 10 za dawa ya asilimia 10, ichomwe kwenye mshipa polepole kwa dakika kadhaa. Ilikuwa tayari kwenye trei ya kitandani, maana huwa naiweka hapo tangu dozi ya kwanza inapoanza.

Baada ya dakika chache pumzi zilirudi 16. Sikuondoka, kwa sababu nguvu ya kalsiamu huisha kabla magnesiamu haijatoka mwilini, na pumzi zinaweza kuzama tena. Nilimhesabia kila dakika 15 hadi goti likaruka, kama saa 7 usiku. Hatukumjaza dripu ili akojoe. Mapafu ya mama wa namna hii hujaa maji haraka. Daktari alipima figo, na dozi zilizobaki za kutimiza saa 24 baada ya kujifungua zikasitishwa.

Tangu hapo, wakati wa dozi ya kwanza sitoki kitandani. Baada ya hapo pumzi, goti, mkojo na presha huangaliwa kila saa. Na sindano ya kila saa 4 inapofika, nahesabu na kugonga upya, hata kama mwenzangu ameangalia dakika 20 zilizopita. Kwenye chati nimechora kwa rula safu moja zaidi, "jumla saa 4", kabla ya nafasi ya sahihi ya dozi. Safu hiyo ikiwa tupu, sirinji haijazwi.