Usikate sm 2 kabla hujaandika kikoa

"Nina karatasi ya sm 24 kwa 9. Nakata miraba sawa kwenye pembe nne nikunje boksi lisilo na kifuniko, ujazo uwe mkubwa kabisa, kimo kisipungue sm 3. Nimepata x = 2 na x = 9. Jamaa kaniambia nichukue ndogo siku zote, basi ni 2? Je, V'' ni lazima? Na grafu naichoraje?"

Weka mkasi chini kwanza! Hiyo "chukua ndogo siku zote" ndiyo iliyoniangusha mimi, tena kwa swali linalofanana na lako kama pacha.

Tulipewa manila ya sm 16 kwa 10. Boksi lilitakiwa kubeba vipande vya mbao vyenye kimo cha sm 3 bila kuchomoza juu, na ujazo uwe mkubwa iwezekanavyo. Mwalimu wangu wa tuisheni alikuwa ametukaririsha: tafuta V', ilinganishe na sifuri, ukipata majibu mawili tupa kubwa. Nikapata 2 na 20/3, nikatupa 20/3, nikakata miraba ya sm 2 na kupata ujazo wa 144. Nikagundisha kingo vizuri, nikapeleka. Msahihishaji hakusoma hata mstari mmoja wa hesabu yangu. Alitia kipande cha mbao ndani ya boksi, kikasimama kimechomoza sentimita nzima juu ya ukingo. Akanirudishia boksi na kipande chake ndani. Jibu lilikuwa x = 3, ujazo 120. Ule 144 ni mkubwa kuliko 120, lakini ni ujazo wa boksi ambalo hakuna aliyeliomba. Kazi nzima ikapewa sifuri, na hadi leo nina hasira na yule mwalimu, kwa sababu alitupa njia ya mkato na hakutuambia inaishia wapi.

Inaishia hapa. Chukua karatasi yako: V = x(24 − 2x)(9 − 2x). Ujazo huu ni sifuri x ikiwa 0, ikiwa 4.5 na ikiwa 12. Kwa hiyo grafu inapanda na kushuka kati ya 0 na 4.5, na kilele chake ni pale kwenye 2. Kisha inazama chini ya sifuri na kuibuka tena kwenye 12, na shimo lake ni pale kwenye 9. Ndiyo maana ile ndogo huwa sahihi pale ambapo swali halina sharti lolote la ziada: yenyewe tu ndiyo inayoangukia mahali ambapo boksi linaweza kukunjwa. Ukikata 9, upana unakuwa 9 − 18, yaani −9, na ujazo −486. Kuna wanaofuta alama ya kutoa na kuandika 486. Msifanye hivyo jamani, huwezi kukata sm 9 mara mbili kwenye upande wenye sm 9!

Na kupima kwa ishara ya ujazo peke yake hakutoshi. Weka x = 13. Urefu unakuwa −2, upana −17, hasi kwa hasi zinatoa chanya, na ujazo unakuwa 442. Fomula haijui karatasi yako imeishia wapi. Wewe ndiye unayejua, kwa hiyo andika kikoa kabla hujagusa V'. Upana lazima uwe chanya, hivyo x haifiki 4.5. Kimo ni x yenyewe, na umeambiwa kisipungue 3. Kikoa chako ni kuanzia 3, nayo 3 imo ndani, hadi kabla ya 4.5.

Sasa angalia majibu yako mawili. 2 iko nje. 9 iko nje. Yote mawili hayafai, na hapo ndipo wengi wanapodhani wamekosea hesabu na kuanza upya. Hujakosea. V' = 12(x − 2)(x − 9), na x yoyote kati ya 2 na 9 inaipa V' thamani hasi, kwa hiyo ndani ya kikoa chako ujazo unashuka tu mwanzo hadi mwisho. Kinachoshuka hivyo kina thamani kubwa kabisa pale kinapoanzia: x = 3, V = 3 × 18 × 3 = 162. Jaribu 3.5 uone: 3.5 × 17 × 2 = 119.

V'' hapa haikusaidii kitu. Ingekuambia kwamba 2 ni kilele, na ni kweli ni kilele, ila kiko nje ya boksi lako. Kata sm 3, kitako kitatoka sm 18 kwa 3.