Slabu haikudondosha hata tone, na lita 420 hazijulikani zilikokwenda

Fundi mkuu alinipigia simu Jumapili asubuhi, sauti imejaa furaha. "Mzee, tumefaulu. Saa arobaini na nane, chini kukavu kabisa. Nifungue maji?" Nikamwambia asiguse kitu, nakuja.

Nyumba ilikuwa Mbweni, Dar es Salaam, ghorofa moja yenye paa la slabu. Kipande tulichokuwa tunakipima uvujaji, kwa kukijaza maji juu na kuangalia chini, kilikuwa na urefu wa mita 10 na upana wa mita 6, yaani mita za mraba 60. Juu ya zege kulimwagwa skridi, tabaka la mchanga na saruji la kutengeneza mteremko, kisha ikabandikwa membreni ya lami ya milimita 4 ya kuzuia maji, ile ya kuchomwa kwa gesi. Ilikuwa Septemba, na mwenye nyumba alitaka kukabidhiwa kabla ya vuli. Vigae vilikuwa bado havijawekwa, na hilo nalisisitiza kwa kila anayejenga: jaza maji membreni ikiwa bado wazi. Ukisubiri vigae vikae, tundu la ukubwa wa sarafu litakugharimu kubomoa nusu ya sakafu ya juu.

Kujaza maji si kufungua mpira na kuondoka. Maji ni mzigo. Kila sentimita moja ya kina inaweka kilo 10 juu ya kila mita ya mraba. Mteremko wetu ulikuwa sentimita 1 kwa kila mita, kwa hiyo ili upande wa juu upate milimita 25, upande wa chini wenye matundu mawili ya kutolea maji ulibeba milimita 85. Hapo chini ni kilo 85 kwa mita ya mraba, na kwa ujumla tulipandisha lita 3,300, zaidi ya tani tatu. Mhandisi aliyechora slabu ndiye wa kusema kama inahimili, naye aulizwe kabla boza halijafika. Mimi sivuki milimita 100 mahali popote. Ukiona mteremko ni mkali kiasi kwamba upande wa juu haupati maji bila upande wa chini kuzidi hapo, gawa paa kwa kizuizi cha matofali na udongo wa mfinyanzi, upime kipande kwa kipande.

Matundu tuliyaziba kwa vizibo vya mpira vya kupuliza, kila kimoja kimefungwa kamba ili mvua ikija usiku mlinzi avute. Tundu la dharura kwenye parapeti, ule ukuta mfupi wa ukingoni mwa paa, lilibaki wazi. Membreni ilikuwa imepandishwa ukutani milimita 150, kwa hiyo hata penye kina kikubwa zaidi ilibaki nafasi ya milimita 65 juu ya maji. Tulifunga pia koki ya tangi la juu. Niliwahi kumshikia fundi wa membreni bango siku nzima, kumbe kinachodondosha ni bomba la tangi linalopita kwenye slabu hiyo hiyo.

Sasa vipimo vyenyewe. Tulisimamisha rula mbili za chuma, moja karibu na matundu na nyingine upande wa juu, kila moja ndani ya kipande cha bomba la plastiki lililotobolewa chini ili upepo usitikise maji unaposoma. Halafu beseni jeupe pana, limejazwa maji, limewekwa jiwe ndani na kukalishwa katikati ya hayo maji ya paa. Mafundi walicheka sana hilo beseni. Lakini jua la Dar na upepo wa bahari vinakula maji kila siku, na bila beseni huna namna ya kujua jua limekunywa kiasi gani. Linakaa ndani ya maji, si pembeni juu ya membreni nyeusi, kwa sababu pale pembeni litapata joto na kukausha kuliko paa lenyewe.

Tulijaza Alhamisi. Ijumaa saa moja asubuhi, upepo umetulia, nikaandika 85 kwenye rula ya chini. Jumamosi saa ile ile 75. Jumapili nilipofika, 66. Rula ya juu nayo ilikuwa imeshuka milimita 19 vilevile, kama inavyopaswa, maana maji ni bwawa moja. Nikalisogelea beseni. Limeshuka milimita 12.

Fundi mkuu akasema, "Mzee, si jua hilo?" Jua limechukua 12. Zimebaki 7 ambazo jua halizijui. Kwenye paa la mita za mraba 60, kila milimita ni lita 60. Saba mara sitini ni 420. Kwa siku mbili lita 420 zimeondoka, na chini dari ni kavu, plasta kavu, hakuna hata unyevu. Hapa ndipo watu wengi wanapotia saini, kwa sababu walichoambiwa ni kuangalia kama linadondosha.

Mtuhumiwa wa kwanza ni kizibo, na usimruke. Kizibo kinachopitisha maji kinayapeleka kwenye bomba la kushushia, yanamwagika bustanini, na membreni haina kosa lolote. Tukaweka ndoo chini ya kila bomba. Baada ya saa nne, ndoo moja ilikuwa kavu na nyingine ilikuwa na lita moja hivi. Hiyo ni lita 6 kwa siku. Sisi tulikuwa tunapoteza 210 kwa siku. Vizibo vilikuwa na dhambi ndogo tu.

Basi maji yalikuwa yameingia skridini. Skridi yetu ilikuwa na unene wa wastani wa milimita 70, maana yake juu ya kipande kile kulikuwa na zaidi ya mita 4 za ujazo za mchanga na saruji, nayo ni kitu chenye vijitundu. Inaweza kunywa mamia ya lita kimya kimya kabla haijaachia tone la kwanza chini. Ndiyo maana kwa slabu yenye skridi chini ya membreni mimi sikubali saa 24. Nataka 72, na hata hapo rula ndiyo inayowahi kusema, dari huchelewa.

Jumatatu asubuhi dari ikasema. Tone moja moja lilianza kutoka kwenye tundu la taa sebuleni, karibu mita 4 kutoka tundu la maji lililo karibu. Fundi akapanda juu na roli ya membreni begani, anataka kubandika kiraka juu kabisa ya taa. Nikamzuia. Maji yakishapita chini ya membreni hutembea juu ya zege kufuata mabonde yake yenyewe, mpaka yakute mwanya wa kushukia, na mwanya mkubwa kuliko yote kwenye slabu ni bomba la waya za umeme. Taa inaonyesha yalipotokea. Haionyeshi yalipoingilia. Tungebandika pale tungeweka membreni mpya juu ya membreni nzima.

Tukafungua maji, taratibu, kizibo kimoja kwanza, tukiangalia pia kama mabomba ya kushushia yanayameza bila kutapika kwenye maungio. Paa lilipobaki tupu tukajenga vizuizi vidogo vya matofali na udongo wa mfinyanzi kuzunguka kila tundu la maji, kila kimoja mita 1 kwa mita 1, tukaziba tena na kujaza milimita 50. Uzuri wa bwawa dogo ni huu: pale milimita moja ni lita moja tu, si sitini. Uvujaji unaochukua siku kuonekana kwenye paa zima, hapa unauona ukiwa umesimama. Tundu la kwanza kwa saa mbili halikushuka kitu cha kusomeka. La pili likashuka milimita 11, na nje ya udongo kulikuwa kukavu, kwa hiyo si kizuizi kilichovuja.

Tulipofungua kando ya tundu hilo tukakuta membreni imekatwa vizuri na kukunjiwa ndani ya shingo ya tundu, lakini haikushika. Shingo ilikuwa ya plastiki, na fundi aliogopa kuiyeyusha kwa moto, akapitisha gesi juu juu. Kwa macho ilionekana safi. Ukiingiza ncha ya bisibisi ilikuwa inapita hadi skridini bila kikwazo. Tukaweka tundu la chuma lenye sahani pana, likapakwa praima, na membreni ikachomwa juu yake kama inavyotakiwa.

Lakini si siku hiyo. Lita zaidi ya mia nne zilikuwa bado chini ya membreni nzima, na ukizifungia humo jua litazigeuza mvuke na membreni itafura malengelenge. Tukakata eneo la karibu mita moja kuzunguka tundu, tukachimbua skridi iliyolowa, tukaacha wazi mchana na kufunika usiku. Tone la sebuleni liliendelea kwa siku tisa. Mwenye nyumba aliniita mara tatu akidhani tumevumbua uvujaji mwingine, wakati juu hakuna maji hata kidogo. Dawa yake ni penseli: chora mstari kuzunguka doa, andika tarehe. Siku ya kwanza na ya pili doa lilivuka mstari kidogo, kisha likasimama, kisha likaanza kurudi ndani. Hayo ni maji ya zamani yanayotoka. Doa linalozidi kuvuka mistari wiki nzima paa likiwa kavu, hilo litafutiwe sababu nyingine, kwa mfano bomba.

Kipimo cha pili tulikiacha saa 72 kamili. Paa lilishuka milimita 18, beseni 17. Fundi akaniangalia. Tofauti ya milimita 1 bado ni lita 60, na sitaki kudanganya mtu: kwa rula na macho yangu, milimita moja ni kosa la kusoma tu. Uvujaji wa kikombe kwa siku rula haitauona kamwe. Kwa hiyo tulipita chini na tochi, kila tundu la taa, kila bomba linalopenya slabu, kila kona ya parapeti, siku ile na tena wiki moja baada ya kutoa maji, ili skridi kama imekunywa kitu ipate muda wa kukitapika.

Kwenye karatasi ya makabidhiano niliandika namba zote za rula na beseni na saa zake, na kwamba mvua haikunyesha. Mstari wa mwisho mkandarasi hakuupenda: "Membreni iliyo juu ya usawa wa maji haikupimwa." Ule ukingo wake wa juu, pale inapoishia ukutani na kufungwa kwa utepe wa chuma, bwawa halikuufikia, na mvua ya vuli inayopigwa na upepo huanzia hapo hapo. Tukachukua mpira wa maji, tukamwagia parapeti kwa upole kutoka chini kwenda juu, dakika kumi na tano kila kipande, mtu mmoja akiwa ndani na tochi. Kona ya kaskazini utepe ulikuwa haujazibwa. Nikafuta mstari wangu, nikaandika mwingine, tukatia saini alasiri.