Kitenzi kilichojificha ndani ya nomino: kupunguza maneno kwenye insha

Ukitaka kupunguza maneno kwenye insha ya mwanafunzi, anza na nomino zilizozaliwa na vitenzi. Nyingi huanza na u- na kuishia na -ji (uboreshaji, unyanyasaji), au huanza na ma- na kuishia na -o (maelezo, mapendekezo). Zipigie mstari, kisha tazama neno linalotangulia. Ukikuta fanya, toa au leta, ujue kitenzi chenyewe kimejificha ndani ya nomino.

Kabla: Mwandishi ametoa maelezo kuhusu namna ambavyo mfalme alifanya unyanyasaji kwa raia.

Baada: Mwandishi ameeleza jinsi mfalme alivyowanyanyasa raia.

Maneno 11 yamebaki 6, na hakuna maana iliyopotea. "Ambavyo" imeingia kwenye kitenzi ikawa -vyo-, na "kwa" imemezwa na -wa-. Kitenzi cha Kiswahili kina nafasi ya kubeba vyote hivyo, na mnyambuliko huongeza nafasi hiyo: "alifanya somo liwe rahisi kwa wanafunzi" inakuwa "aliwarahisishia wanafunzi somo".

Sentensi ngumu zaidi ni hii, na insha za vidato zimejaa za aina yake:

Serikali inapaswa kuweza kufanya uboreshaji katika suala zima la upatikanaji wa maji kwa wananchi ambao wanaishi katika maeneo ya vijijini.

"Kuweza" iondoke, kwa kuwa hapa hatuzungumzii uwezo. "Katika suala zima la" na "kwa wananchi ambao wanaishi katika maeneo ya" ziondoke pia, na "kufanya uboreshaji" iwe "kuboresha". Tunabaki na "Serikali inapaswa kuboresha upatikanaji wa maji vijijini." Wengi huishia hapo, lakini mimi ningemrudishia mwanafunzi daftari na swali moja: kuboresha vipi? Kuchimba visima, kutandaza mabomba, au kukarabati pampu mbovu? Mara nyingi hana jibu, na hiyo ndiyo sababu ya maneno yote yale: yanaziba pengo la hoja. Akiamua, ataandika "Serikali iwachimbie wanavijiji visima", na aya inayofuata itakuwa na kitu cha kutetea.

Usifyeke kila "fanya" na "toa", hata hivyo. "Piga simu" na "fanya kazi" hazina cha kupunguzwa. Nomino yenye sifa zake nayo huachwa: "alifanya utafiti wa miaka mitatu" ni sawa, maana muda unaueleza utafiti wenyewe. "Kufanya uchaguzi" wa wabunge si "kuchagua" tu, kwani ndani yake mna kampeni, kura na kuhesabu.

Jihadhari pia na mnyambuliko unaoleta utata. "Aliandika barua kwa niaba ya mama" ukiifupisha kuwa "alimwandikia mama barua", wasomaji wengi watadhani mama ndiye aliyeandikiwa. Hapo yaache maneno yote, marefu yalivyo.