Mpira wa tenisi unaruka juu kila nikizuia

"Naanza kriketi kwa mpira wa tenisi, natumia mkono wa kulia. Nikizuia tu, mpira unapaa na kudakwa. Nakosea wapi?"

Habari ndugu. Anza na mkono wa chini kwenye mpini, yaani wa kulia, huyo ndiye mkosaji wa kawaida. Laza gongo chini, uso wake ukitazama ardhi, kisha liokote kwa mikono yote miwili kama unavyookota shoka. Mkono wa kushoto uwe juu, mikono ikaribiane, na zile V mbili za kidole gumba na cha shahada zikae kwenye mstari mmoja. Mkono wa juu ushike imara; wa chini ushike kwa gumba na vidole viwili tu. Mimi niliukaza kwa wiki nzima, na kila mpira ulisukumwa juu.

Kusimama ni rahisi: miguu upana wa mabega, magoti yalegee, macho yawe sambamba.

Mpira ukija, kichwa na bega la kushoto vitangulie, mguu ufuate na goti likunjwe. Ungoje mpira ufike chini ya macho yako. Wakati wa kugusa, mpini uwe mbele kuliko ncha ya gongo, ili uso wake uinamie ardhi. Ukiufuata mpira kwa mikono, uso hufunguka na mpira hupaa.

Jaribu na mwenzio akurushie kutoka mita sita, mkono chini, mpira udunde mara moja. Zuia kumi kwa mkono wa kushoto peke yake, ukilishika gongo chini kidogo likiwa zito. Mpira ukifia hatua mbili mbele yako, umepatia.