Siti namba 44 niliiuza mara mbili, na testi zangu zote zilikuwa kijani

*"Wakuu, natengeneza mfumo wa kukata tiketi za basi Mtwara–Dar. Mtu akichagua siti inashikiliwa dakika 10, asipolipa inaachiwa. Wawili kugombea siti ya mwisho nimejaribu kwa kufungua brauza mbili, na muda kuisha nimeweka sleep. Zote zinapita. Naweza kwenda laivu wiki ijayo? Halafu dakika 10 ni nyingi au chache? Na ramani ya siti kwenye simu ndogo mnaichoraje?"*

Usiende laivu. Ulichoandika hapo juu ndicho nilichokuwa nacho mimi, brauza mbili na sleep, na kilinipeleka stendi ya Lindi asubuhi nikiwa na kandambili nikaombe radhi kwa mama wa watu.

Basi linatoka Mtwara alfajiri, limejaa. Msimu wa korosho, wakulima wameshalipwa, kila mtu ana safari. Siti ya mwisho ni 44, kule nyuma kabisa. Usiku wa kuamkia safari, mama mmoja wa Lindi anaichagua saa 2:00:00. Mfumo unamshikilia hadi 2:10:00. Anahangaika na salio, anamwita mwanawe amsaidie, anaingiza namba ya siri ya pesa ya simu saa 2:09:40. Kwa upande wake ameshalipa, tena ndani ya muda. Majibu ya malipo yananifikia kwenye seva saa 2:10:25, kwa sababu mtandao wa pesa hauendi kwa saa yangu wala ya kwako.

Katikati hapo, saa 2:10:03, kijana wa Mtwara anaiona 44 iko wazi. Anaishika, analipa chapchap, majibu yake yanaingia 2:10:50. Sasa tazama msimbo wangu ulivyopokea malipo: "pesa ya safari 7 siti 44 imeingia, iandike imeuzwa, tuma meseji." Haukuuliza pesa hii ni ya nani. Majibu ya mama yakaiandika siti imeuzwa kwa mama, majibu ya kijana yakaja juu yake yakaandika kijana. Meseji mbili za "safari njema" zikatoka. Pesa ya watu wawili, siti moja, na orodha ya konda ina jina moja.

Kijana kapandia Mtwara, kakaa. Basi linafika Lindi, mama anaingia na mfuko wake na meseji yake mkononi, anamkuta mtu kwenye 44. Kesi ikaishia mama kukaa kwenye kiti cha konda mpaka Nangurukuru alikoshuka abiria mmoja, na konda akasimama njia hiyo nzima akinipigia simu kila penye mtandao. Matusi mengine nilikuwa sijawahi kuyasikia, na mimi nimekulia stendi. Nauli ya mama ilikatwa kwenye ujira wangu, na nusu ya nauli ya konda kwa ajili ya miguu yake, sijui waliipigaje hesabu hiyo.

Na testi zote zilikuwa kijani! Hiyo ndiyo iliyoniuma. Nilikuwa na kaka mmoja mwenye uzoefu, wa kujiita mwenye uzoefu, aliniambia: "Dogo, punguza muda wa kushikilia uwe sekunde 1, lala sekunde 2, angalia kama siti imeachiwa. Malipo weka ya bandia, yarudi hapo hapo. Yaliyobaki fungua brauza mbili ubofye haraka." Nilimnunulia na chipsi mayai kwa ushauri huo. Kaka, kama unasoma huku, chipsi zangu.

Ona kilichofichwa. Malipo ya bandia yanayojibu papo hapo hayawezi kuchelewa kupita muda wa siti, kwa hiyo mpangilio ulioniua (shika, muda uishe, mwingine ashike, ndipo malipo ya wa kwanza yafike) haukutokea hata mara moja kwenye testi. Na brauza mbili hazishindani. Kati ya kubofya kwako kwa kwanza na kwa pili hata ukiwa na vidole vya mpiga marimba zinapita mamia ya milisekunde, wakati seva inamaliza ombi moja kwa makumi. Wa kwanza ameshaondoka mlangoni ndipo wa pili anabisha.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nitaisema mpaka unichoke: testi ya kugombea siti ambayo hujaiona ikiwa nyekundu, usiihesabu. Vunja msimbo kwa makusudi, iendeshe, ione ikifeli kwa sababu unayoitegemea, ndipo urudishe. Ikibaki kijani msimbo ukiwa umevunjika, hiyo ni mapambo.

Anza na mikono, kabla hujaandika testi yoyote. Fungua madirisha mawili ya `psql` ubavu kwa ubavu. Kwenye yote mawili andika hivi:

```sql
BEGIN;
SELECT hali FROM siti WHERE safari = 7 AND namba = 44;
```

Yote mawili yatakwambia `wazi`. Hapo ndipo wanunuzi wako walipo kwa kweli: kila mmoja ameshaangalia, hakuna aliyeandika. Sasa dirisha la kwanza liandike:

```sql
UPDATE siti SET hali = 'imeshikwa', shikilio = 'A'
WHERE safari = 7 AND namba = 44;
```

Linajibu `UPDATE 1`. Andika hivyo hivyo kwenye la pili, ukiweka 'B'. Halijibu kitu. Kishale kinapepesa tu, kwa sababu mstari umefungwa na wa kwanza. Nenda la kwanza, andika `COMMIT;` na macho yako yabaki kwenye la pili. Papo hapo linatema `UPDATE 1`. Wote wawili wameambiwa siti ni yao. Mimi nilipoiona hiyo mara ya kwanza niliinuka nikaenda kunywa maji.

Kwenye la pili andika `ROLLBACK;`, irudishe siti iwe `wazi`, kisha rudia yote tangu `BEGIN`, safari hii sharti likiwa ndani ya amri yenyewe:

```sql
UPDATE siti
SET hali = 'imeshikwa', shikilio = %(shikilio)s, mwisho = %(mwisho)s
WHERE safari = %(safari)s AND namba = %(namba)s
  AND (hali = 'wazi'
       OR (hali = 'imeshikwa' AND mwisho <= %(saa)s));
```

(Kwenye `psql` weka thamani kwa mkono.) Safari hii wa pili akifunguliwa anapata `UPDATE 0`. PostgreSQL, kwenye kiwango chake cha kawaida cha `READ COMMITTED`, ikimaliza kusubiri kufuli inaupima mstari upya kwa hali yake mpya, na sharti halitimii tena. Msimbo wako usome namba hiyo: 1 amepata, 0 amekosa. Usitegemee ile `SELECT` ya mwanzo, hiyo ni ya kupaka rangi ramani tu.

Na uone `%(saa)s`. Saa inaingia kama kitu unachopewa, haisomwi huko ndani. Ndiyo dawa ya sleep. Testi inasema tu: sasa ni 2:00:00, mama ashike. Sasa ni 2:10:03, kijana ashike, apate 1. Sasa ni 2:10:25, malipo ya mama yafike. Hakuna kulala hata sekunde moja. Ukiiacha `now()` ndani, kuna mtego: kwa PostgreSQL hiyo ni saa ambayo muamala ulianza, haisogei mpaka muamala uishe. Ukiwa unatumia Django, `TestCase` yake inafunga kila testi ndani ya muamala mmoja, basi unaweza kulala mpaka jogoo awike na `now()` iko pale pale. Tena humo ndani muunganisho ni mmoja, na mtu hawezi kugombana na mwenzake kwa mdomo mmoja. Kwa ugomvi tumia `TransactionTestCase`, kila mnunuzi na muunganisho wake, na wa pili mwendeshe kwenye uzi wake wa pembeni. Usipofanya hivyo testi itaganda, maana yeye anasubiri kufuli na wewe unamsubiri yeye. Ukitaka uhakika kwamba kweli anasubiri kabla hujamfungulia, angalia `pg_stat_activity`, utamkuta na `wait_event_type` ya `Lock`.

Kupokea malipo sasa:

```sql
UPDATE siti SET hali = 'imeuzwa'
WHERE safari = %(safari)s AND namba = %(namba)s
  AND hali = 'imeshikwa' AND shikilio = %(shikilio)s;
```

Hilo `shikilio` ni namba mpya kila mtu anaposhika, usiweke namba ya simu, kwa sababu mtu huyo huyo anaweza kuachia na kushika tena. Kwa mama wa Lindi amri hii ingerudisha 0, na 0 maana yake: rudisha pesa, tuma meseji ya kweli, siti usiiguse. Ila tahadhari, majibu ya malipo huwa yanakuja mara mbili. Ya pili nayo itapata 0, na ukikurupuka utamrudishia nauli mtu aliyekaa kwenye siti yake. Angalia kwanza kama malipo hayo yameshahesabiwa. (Mimi? Mara moja. Abiria alikuwa mwaminifu, akapiga simu mwenyewe. Bado wapo.)

Ile kazi ya `cron` ya kufagia siti zilizoisha muda niliitupa. Siti iliyopitwa na muda inahukumiwa pale mwingine anapoitaka. Asipotokea mtu, malipo ya mama yaliyochelewa sekunde 25 yanamkuta bado ndiye mshika, anapata siti yake, na hakuna aliyeumia.

Mwisho wa testi usisome maneno ya skrini. Hesabu kwenye databesi: tiketi zilizouzwa za safari 7 siti 44 ziwe 1, tena iwe ya malipo ya kijana, na malipo yaliyopokelewa yawe sawa na tiketi jumlisha yanayosubiri kurudishwa. Kisha futa kipande cha `AND shikilio = ...`, endesha tena, uone nyekundu. Mimi nafanya hivi kila ninapogusa sehemu hiyo, mke wangu anadhani nina kichaa. Kama unauza pia vipande vya njia, Mtwara–Lindi halafu Lindi–Dar kwa siti hiyo hiyo, meza hii ya mstari mmoja kwa siti haikutoshi, hiyo ni kesi nyingine.

Ulikuwa umeuliza na ramani sijui na dakika. Dakika 10 acha tu, ramani watakujibu wenye macho ya rangi. Wewe leo usiku fungua hayo madirisha mawili kwenye msimbo wako ulivyo sasa, halafu uje uandike hapa dirisha la pili limekujibu `UPDATE` ngapi.