Kola isiyo na gharama: anza na puti, koli ije baadaye

Nilikuwa na hisa 300 nilizonunua kwa 32 kila moja, zikafika 50. Kuziuza sikutaka, lakini kuporomoka kwake kuliniogopesha. Nikafunga kola: nikanunua puti, yaani haki ya kuuza hisa zangu kwa bei maalumu, na nikailipia kwa kuuza koli, yaani haki ya mtu mwingine kuzinunua kwangu kwa bei ya juu zaidi. Mkataba mmoja hubeba hisa 100, hivyo nilihitaji mitatu kila upande, yote ya kuisha baada ya miezi minne.

Tamaa iliniponza. Puti ya 47.5 iligharimu 2.30 na koli ya 52.5 ililipa 2.35. Nikaona nimelindwa karibu kabisa, tena bure! Sikuangalia kwamba nilijiachia nafasi ya 2.5 tu ya kupanda.

Siku hizi najiuliza kwanza hasara ninayoweza kuimeza. Kwa hisa ile ingekuwa asilimia 10, yaani puti ya 45, iliyogharimu 1.50. Hapo ndipo ninapotafuta koli inayorudisha 1.50. Ya 55 ililipa 1.45, ikabaki 0.05 kwa hisa, yaani 15 kwa mikataba mitatu. Kuilipa hiyo 15 kuna nafuu kuliko kushuka hadi koli ya 52.5 kwa ajili ya sifuri kamili. Ukipiga hesabu kwa kudhani kiwango kilekile cha kuyumba kwa puti na kwa koli, koli ya 55 ingekuwa ghali kuliko puti ya 45. Sokoni mara nyingi sivyo, kwa sababu wenye hisa wengi wanatafuta kinga ya kushuka na puti zilizo mbali chini ya bei ya hisa zinapanda bei.

Usitumie bei ya katikati inayoonekana kwenye skrini. Puti utainunua kwa bei anayodai muuzaji, koli utaiuza kwa bei anayotoa mnunuzi, na pengo hilo mara mbili ndilo linaloivunja sifuri. Mimi hutuma vyote viwili kama oda moja yenye kikomo cha sifuri, kisha nasubiri. Nikituma kimoja kimoja, bei ya hisa husogea katikati.

Ile kola yangu ya kwanza iliishaje? Hisa ilipanda hadi 58, na gawio la 0.60 likawa linakaribia. Puti ya 52.5, bei ileile ya koli niliyouza, ilikuwa imebaki na thamani ya 0.20. Gawio likizidi thamani ya puti hiyo, mwenye koli ana sababu ya kuitumia mapema, kwa sababu akingoja analikosa. Ningeweza kuinunua tena koli ile, lakini sikujua ishara hiyo. Usiku wa kuamkia siku ambayo hisa huanza kuuzwa bila gawio, hisa zangu zote 300 zilichukuliwa kwa 52.5.