Mtunzi, usitafute pesa yako kwenye ripoti ya mwimbaji

Watunzi wengi hapa Kampala humwandikia mwimbaji wimbo, unavuma, kisha wanamwomba awaonyeshe ripoti ya kampuni inayosambaza nyimbo zake mtandaoni. Pesa iliyomo kwenye ripoti hiyo ni ya rekodi, yaani ile sauti iliyonaswa studio, na mwenye rekodi ni aliyeigharamia. Mirabaha ya utunzi, ya maneno na melodi, hupita njia nyingine kabisa. Kampuni ya usambazaji kwa kawaida haiikusanyi.

Bendi ya hotelini ikipiga wimbo wako bila CD wala simu, rekodi ya mwimbaji haijatumika hata kidogo. Utunzi wako umetumika, na mirabaha ya hapo ni yako. Mwimbaji mwingine akiurudia wimbo wote, rekodi inakuwa mpya, utunzi unabaki uleule.

Pesa hiyo hukusanywa na chama. Kwa muziki hapa Uganda ni UPRS, chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006. Lakini kujiunga peke yake hakutoshi, kila wimbo lazima usajiliwe, na hapa ndipo ninapowaona wenzangu wakikwama.

Chukua mfano huu. Wewe umeandika maneno na melodi, prodyuza ametunga biti, mwimbaji amelipia studio. Mmekubaliana wewe 60, prodyuza 40. Mwimbaji hana fungu kwenye utunzi, ila rekodi ni yake. Sasa msaidizi wake anausajili wimbo kwa jina la mwimbaji, asilimia 100. Wewe unakuja na 60 zako. Jumla inafika 160, chama kinaona mgogoro, na malipo yanazuiwa hadi mkubaliane. Nimeona watu waliokuwa marafiki wakiacha kusalimiana kwa ajili hii, na inauma kwa sababu karatasi moja ingeliepusha.

Karatasi hiyo iandikeni kabla hamjatoka studio: jina la wimbo, majina halisi ya watunzi na yale ya jukwaani, asilimia zinazofika 100 kamili, tarehe, sahihi za wote. Mwimbaji akikupa shilingi 300,000 mkononi, andikeni ni malipo ya nini. Akisema amenunua wimbo, muulize: ananunua ruhusa ya kuuimba, au utunzi wenyewe? Mimi ningeuza ruhusa tu.

Ukisajili, toa pia nambari ya rekodi, ISRC, ambayo mwimbaji anayo. Utunzi una nambari yake, ISWC. Zikiunganishwa, redio ikiripoti rekodi iliyochezwa, chama kinajua mtunzi ni nani. Zisipounganishwa, au jina lako likiandikwa kwa tahajia mbili, pesa inaweza kukaa bila mwenyewe.

Na chama hugawa kulingana na kile kilichoripotiwa. Kituo kisipoorodhesha nyimbo kilizocheza, hata usajili safi hautakuletea malipo ya kituo hicho. Kwa hiyo ukisikia wimbo wako redioni, andika kituo, siku na saa, upeleke orodha hiyo ofisini kwao.